Vipande Kwanza, Shilingi Baadaye: Namna ya Kuhesabu Fedha Iliyo Kwenye Picha



Nimeombwa nizungumze nanyi, waweka hazina wa kamati za misiba, shughuli na vikundi vya mitaani, juu ya kazi ambayo siku hizi inatukuta karibu kila mwezi. Fedha imechangwa, imemwagwa kwenye mkeka au kwenye sinia, mtu ameipiga picha kwa simu na kuirusha kwa jamaa walio mbali. Huko mbali kuna mtu atakayeikuza ile picha kwa vidole viwili, atahesabu, kisha atasema: "Mimi naona kiasi fulani." Akisema hivyo, amesema nini hasa? Na sisi tuliobaki na fedha yenyewe tumjibu vipi?

Nilikaa dirishani kwa miaka mingi nikihesabu noti za watu, lakini somo hili sikulipata benki. Nililipata hapa hapa Tanga, kwenye msiba wa jirani yetu. Nitawasimulia kisa hicho na tukipitie hatua kwa hatua, maana kila kosa linaloweza kutokea kwenye picha ya fedha lilijikusanya katika picha ile moja.

Ilikuwa siku ya pili ya msiba, baada ya magharibi. Rambirambi zilizotolewa mkononi zilimwagwa juu ya mkeka, chini ya taa, na daftari la majina likawekwa pembeni likiwa wazi. Mama aliyeshika hazina alipiga picha moja, akaituma kwenye kundi la ukoo, na chini yake akaandika kwamba daftari linasoma shilingi 140,950. Haikupita saa moja, kijana wao aliyeko Maskati akajibu: "Mama, nimehesabu kwenye picha mara mbili. Ni 143,850. Hiyo 2,900 iko wapi?"

Shilingi 2,900 si fedha ya kumfilisi mtu, lakini inatosha kumfanya mama mtu mzima asilale. Asubuhi alinijia na simu yake mkononi na macho mekundu. Hakuniuliza fedha iko wapi, kwa sababu alijua iko kwenye kopo, imefungwa. Aliniuliza: "Kaka, picha inaweza kusema uongo?"

Nilimwambia kwamba picha haisemi uongo, ila haisemi yote. Inaonyesha vipande vya juu. Vya chini inavionyesha nusu nusu, na vingine haivionyeshi kabisa. Anayeihesabu analazimika kujaza yasiyoonekana, na mara nyingi anajaza bila kujua kwamba amejaza. Kwa hiyo jambo la kwanza nililotaka kutoka kwa kijana wa Maskati halikuwa jumla yake. Nilimwomba mchanganuo: noti ngapi za elfu kumi, ngapi za elfu tano, ngapi za elfu mbili, ngapi za elfu moja, na sarafu ngapi za kila aina.

Jumla moja inaficha, mchanganuo unafichua

Kwa nini sikutaka jumla? Chukueni mfano. Mtu wa kwanza anasema ameona noti 6 za elfu kumi na 7 za elfu tano. Wa pili anasema ameona 7 za elfu kumi na 5 za elfu tano. Fanyeni hesabu: wote wawili wana 95,000. Wakilinganisha jumla watapeana mikono na kwenda kula, ilhali wa kwanza ameona vipande 13 na wa pili 12. Angalau mmoja wao amekosea, na jumla imelifunika kosa lake.

Ndiyo maana nasema vipande kwanza, shilingi baadaye. Unapohesabu fedha kwenye picha unafanya kazi mbili, na usizifanye kwa mkupuo mmoja. Kazi ya kwanza ni kujua kuna vipande vingapi. Kazi ya pili ni kukipa kila kipande jina lake: hiki elfu kumi, hiki mia mbili. Makosa ya kazi ya kwanza ni kuruka kipande au kukihesabu mara mbili. Makosa ya kazi ya pili ni kukiita kipande jina la mwenzake. Ukizichanganya kazi hizi huwezi kujua kosa lilipoingilia. Ukizitenganisha, kosa linajionyesha lenyewe.

Nilikaa mezani na picha ile bila kufungua daftari wala kusoma yaliyoandikwa chini ya picha. Niliikuza kwenye simu na kuweka nukta ya rangi juu ya kila kipande kwa ile kalamu ya kuchorea picha iliyomo kwenye simu. Nilianza na vipande vilivyo juu kabisa, ambavyo hakuna kitu kilichovilalia, kisha nikashuka kwa vilivyofunikwa nusu. Kila kipande nukta moja, na chenye nukta sikigusi tena. Vile nilivyokuwa na shaka navyo nilivizungushia duara na kuviacha. Nilipomaliza nilikuwa na noti 36, sarafu 39, na maduara mawili.

Mchanganuo wa kijana ulipofika, nilijumlisha vipande vyake kabla ya kutazama thamani. Alikuwa na noti 37 na sarafu 39.

Tazameni jinsi namba hizo mbili zilivyosema mengi. Kwenye noti tulipishana kipande kimoja, maana yake mmoja wetu ameruka noti au ameirudia. Kwenye sarafu idadi yetu ilikuwa sawa, kwa hiyo kama tunapishana kwenye sarafu, basi yaelekea tumeona vipande vilevile na kuviita majina tofauti. Hapo nilijua kwenye noti nitafute nini, na kwenye sarafu nitafute nini. Haya hapa mahesabu yetu mawili yakiwa pamoja:

| Aina | Kijana wa Maskati | Hesabu yangu |
|---|---|---|
| Noti ya 10,000 | 7 | 6 |
| Noti ya 5,000 | 7 | 7 |
| Noti ya 2,000 | 8 | 9 |
| Noti ya 1,000 | 15 | 14 |
| Sarafu ya 500 | 8 | 11 |
| Sarafu ya 200 | 11 | 8 |
| Sarafu ya 100 | 13 | 13 |
| Sarafu ya 50 | 7 | 7 |
| Jumla | 143,850 | 135,750 |

Mstari wa mwisho unatisha: tumepishana kwa 8,100, na mimi niko chini kuliko hata daftari. Lakini ukiacha mstari wa mwisho na kusoma ya juu, mambo matatu tu ndiyo yanayotutenga: noti moja ya elfu iliyozidi kwake, noti moja niliyoiita elfu mbili naye akaiita elfu kumi, na sarafu tatu nilizoziita mia tano naye akaziita mia mbili. Tuyachukue moja baada ya jingine.

Noti moja, ncha mbili

Katikati ya mkeka kulikuwa na noti ya elfu kumi, ile nyekundu ambayo vijana wanaiita msimbazi, imelala kwa mapana. Upande wake wa juu ilichomoza ncha ya buluu, na upande wake wa chini ilichomoza ncha nyingine ya buluu. Kijana aliona ncha mbili akaandika noti mbili za elfu moja. Mimi niliandika moja.

Nani kati yetu alikuwa sahihi? Hili ndilo kosa linalotokea zaidi ya yote katika rundo lililochanganyika, na lina vipimo vyake. Kipimo cha kwanza ni mstari. Chukua karatasi yenye ukingo ulionyooka, iweke juu ya kioo cha simu, uifuatishe na ukingo wa ncha ya juu. Kama ukingo wa ncha ya chini unaangukia kwenye mstari uleule, ncha hizo huenda ni za noti moja iliyopita chini kwa chini. Kipimo cha pili ni urefu. Kutoka ncha hadi ncha pasizidi urefu wa noti nzima ya elfu iliyolala karibu na hapo, na ni lazima iwe ya karibu, kwa sababu picha iliyopigwa kwa kuinamisha simu huvifanya vya mbali vionekane vifupi.

Kipimo cha tatu ndicho ninachokiamini zaidi: ncha mbili za noti moja hazifanani. Noti ya elfu ina sura ya Mwalimu Nyerere kwa mbele na jengo la Ikulu kwa nyuma. Ncha yake ya kushoto imechapwa tofauti na ya kulia. Ukiona ncha mbili zenye mchoro uleule, hizo ni noti mbili, hakuna ubishi. Ukiona ncha mbili tofauti, zote za upande mmoja wa noti, zimenyooka pamoja na urefu wake unatosha noti moja, kuna uwezekano mkubwa hiyo ni noti moja. Na kama picha ni safi kiasi cha kusomeka tarakimu, kuna ushahidi wa kumaliza mjadala: namba ya noti huchapwa mahali pawili, nayo ni ileile. Kwenye picha ya mama, tarakimu nne za mwisho zilisomeka kwenye ncha zote mbili, na zilikuwa zilezile. Noti ilikuwa moja.

Kuna ndugu wa kosa hili, naye ni noti iliyokunjwa. Noti iliyokunjwa katikati huonekana fupi, na pengine huonyesha mbele upande huu na nyuma upande ule, mtu akadhani ni noti mbili zilizokaribiana. Tafuta mkunjo: mahali pa mkunjo ukingo ni wa mviringo kidogo na hauna ile pambizo nyeupe ya noti. Na fedha iliyofungwa kwa mpira isihesabiwe kabisa kwenye picha. Fungu linakuonyesha noti moja tu, ile ya juu, na unene wake haukwambii zilizo ndani ni za aina gani. Liandike "fungu 1, halijafunguliwa" uendelee.

Taa ya njano na majina ya vipande

Sasa tuingie kwenye majina. Picha ilipigwa usiku chini ya taa ya njano. Rangi ndiyo kitambulisho cha haraka cha noti zetu: elfu kumi nyekundu, elfu tano zambarau, elfu mbili ya rangi ya machungwa inayoelekea kahawia, elfu moja buluu. Taa ya njano huzisogeza rangi hizi. Machungwa na wekundu hukaribiana mpaka kona iliyochungulia kidogo haijulikani ni ya nani. Tarakimu nazo hazikusaidii pale panapoonekana mwisho wake tu, kwa sababu elfu mbili na elfu kumi zote huishia na sufuri tatu.

Noti tuliyobishania ilikuwa ukingoni mwa mkeka, nusu yake ikiwa chini ya daftari. Kijana aliona wekundu akaandika elfu kumi. Mimi niliutazama ule ukurasa wa daftari kwanza. Karatasi ile ni nyeupe, sote tunajua, lakini kwenye picha ilikuwa ya njano kama siagi. Maana yake kila kitu kwenye picha hiyo kimepakwa njano. Niliingia pale simu inaporuhusu kurekebisha rangi ya picha, nikavuta kuelekea ubaridi mpaka karatasi ikawa nyeupe tena. Wekundu wa noti za katikati ukabaki, lakini noti ile ya ukingoni ikarudi kuwa ya machungwa. Nikaikuza zaidi, nikaona ilikuwa imelala kifudifudi, na kipande cha mchoro kilichoonekana kilikuwa ukuta wa mawe wa Ngome Kongwe ya Zanzibar, ambao uko nyuma ya noti ya elfu mbili. Nyuma ya elfu kumi kuna jengo la makao makuu ya Benki Kuu, na hilo halina ukuta wa namna ile. Rangi ilinipa dhana, mchoro ukanipa hakika.

Sarafu tatu nazo ziliponzwa na taa hiyohiyo. Sarafu ya mia tano, iliyoingia kwenye mzunguko mwaka 2014, ni nyeupe ya fedha. Ya mia mbili ni ya manjano. Zote mbili zina sura ya Mzee Karume upande mmoja. Zikilala na sura juu, chini ya taa ya njano, mtu anamwona Karume na anaona manjano, anaandika mia mbili. Ukubwa nao hautoshi: mia tano ina upana wa milimita 27.5 na mia mbili ina 26. Tofauti ya milimita moja na nusu hailindwi na picha ya simu, kwa kuwa sarafu iliyo karibu na kamera tayari inaonekana kubwa kuliko iliyo mbali. Nilipoisafisha rangi ya picha kwa kutumia ule weupe wa daftari, sarafu zile tatu ziling'aa nyeupe huku mia mbili zilizokuwa kando yake zikibaki manjano. Hapo nilitulia.

Ningependa mshike jambo moja kuhusu wanyama, kwa sababu wengi wetu tunazitambua fedha kwa wanyama wake. Simba yuko kwenye noti ya elfu mbili na pia kwenye sarafu ya mia mbili. Faru yuko kwenye noti ya elfu tano na pia kwenye sarafu ya hamsini. Sisi tulio jirani na Horohoro tuna la ziada: sarafu za Kenya zilizotolewa mwaka 2018 nazo zina wanyama, tembo kwenye ishirini na simba kwenye kumi. Ikiingia sarafu ya Kenya kwenye sinia, ina orodha yake peke yake, haijumlishwi na shilingi za Tanzania mpaka ibadilishwe. Kwa hiyo mnyama asiwe shahidi wa pekee. Mnyama na rangi, au mnyama na umbo, viende pamoja. Sarafu ya hamsini, kwa mfano, ina pembe saba, na umbo hilo taa haiwezi kulibadilisha. Ndiyo maana mimi na kijana tulikubaliana juu ya zile hamsini saba bila neno.

Na mkiona noti ya kijani ya mia tano kwenye picha ya sasa, ihesabuni kama kipande lakini msiipe thamani. Benki Kuu ya Tanzania iliiondoa kwenye mzunguko pamoja na noti za zamani zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, na muda wa kuzibadilisha ulikuwa kuanzia tarehe 6 Januari hadi 5 Aprili 2025. Mtu aliyeitoa huenda hakujua. Iandikwe pembeni, arudishiwe kwa heshima.

Maduara mawili

Sasa narudi kwenye yale maduara mawili niliyoyaacha, maana hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya.

Duara la kwanza lilikuwa kona ya zambarau, ndogo kama ukucha wa kidole gumba, iliyochungulia chini ya noti mbili nyekundu. Ilikuwa ya noti ya elfu tano bila shaka. Swali ni kama ilikuwa noti ya nane, au ni kona ya mojawapo ya zile saba. Noti sita kati ya saba zilikuwa wazi pembe zote nne, kwa hiyo kona ile haikuwa yao. Lakini ya saba ilikuwa imejichomeka chini ya rundo hilohilo, na mwelekeo wake uliweza kuifikisha pale. Ukingo wa kona ulikuwa mfupi mno kupimwa kwa mstari. Tarakimu hazikuwepo. Nilijaribu vipimo vyangu vyote na hakuna kilichojibu.

Duara la pili lilikuwa sarafu ya manjano iliyofunikwa na nyingine, ikabaki kipande cha ukingo kama mwezi mwandamo. Hii ilikuwa kipande cha peke yake, hilo nililiona. Ilikuwa ya mviringo, basi si hamsini. Lakini mia moja nayo ni ya manjano kama mia mbili, na kwa mwezi mwandamo ule sikuweza kuzitofautisha.

Mhesabuji wa picha anajaribiwa sana hapa. Anataka kumaliza, anataka jumla moja, basi anaamua: "Hii ni elfu tano nyingine, na ile ni mia mbili." Au anaamua kuviacha kama kijana wetu alivyoviacha, na hasemi kwamba ameviacha. Njia zote mbili zinageuza shaka kuwa hakika bila ushahidi.

Mimi niliandika hivi. Vilivyoonekana na kutambulika: 135,750. Sarafu moja ambayo ni 100 au 200. Kona moja ambayo ni 5,000 au si kitu. Kwa hiyo fedha inayoonekana haipungui 135,850 wala haizidi 140,950, na katikati yake kuna majibu manne tu yanayowezekana: 135,850, 135,950, 140,850 na 140,950. Picha ile haikuweza kusema zaidi ya hapo, na mtu yeyote aliyesema zaidi alikuwa anasema ya kwake.

Baada ya kuandika, ndipo nilipofungua daftari na kuisoma 140,950. Ilikuwa mojawapo ya yale manne. Nawaomba mwone kwa nini nilisubiri. Kama ningeanza na daftari, jicho langu lingeiona kona ile ya zambarau na kusema, "Naam, ndiyo hiyo elfu tano inayotakiwa," na ningeweka nukta badala ya duara. Kisha ningemwambia mama kwamba picha imethibitisha daftari, kumbe daftari ndilo lililojithibitisha lenyewe kwa kupitia macho yangu. Nilichoweza kumwambia kwa uaminifu ni kwamba picha haipingani na daftari. Hiyo si kauli ndogo: kwa hesabu ya kijana picha ilipingana na daftari kwa 2,900, na sasa mgongano ule haupo tena. Lakini si sawa na kusema fedha imetimia.

Tofauti inasema nini

Kabla sijafika mwisho wa kisa, tuitazame ile 2,900 yenyewe. Watu wa hesabu za fedha hupenda kuisoma tofauti kama nyayo za mnyama, na mara nyingi nyayo hizo husomeka. Tofauti ya 9,000 inanuka elfu moja iliyoitwa elfu kumi. Tofauti ya 8,000 inanuka elfu mbili iliyoitwa elfu kumi. Tofauti ya 3,000 ni elfu mbili iliyoitwa elfu tano au kinyume chake, na 300 ni mia mbili iliyoitwa mia tano au kinyume chake. Noti zetu zote ni za maelfu kamili, hivyo ile 900 iliyo kwenye mkia wa 2,900 haikuweza kuletwa na noti peke yake. Sarafu zilihusika.

Mpaka hapo nyayo zinasaidia. Lakini zinasomeka vizuri pale mnyama anapokuwa mmoja. Hesabu ya kijana ilikuwa na makosa matano. Noti ya elfu iliyorudiwa ilimwongezea 1,000. Elfu mbili aliyoiita elfu kumi ilimwongezea 8,000. Sarafu tatu zilimpunguzia 900. Kona aliyoiacha ilimpunguzia 5,000, na sarafu iliyofunikwa ikampunguzia 200. Jumlisheni 1,000 na 8,000, mtoe 900, mtoe 5,000, mtoe 200. Inabaki 2,900. Makosa yenye uzito wa 15,100 yalikuwa yamelaliana yenyewe kwa yenyewe mpaka yakaonekana kama upungufu mdogo wa mtu mmoja. Hakuna ambaye angeipata njia ya kurudi kutoka 2,900 hadi kwenye makosa hayo bila mchanganuo wa vipande.

Hayo ya kona na sarafu nayajua leo kwa sababu saa nne asubuhi ile tulilifungua kopo mbele ya wazee wawili na kuhesabu fedha yenyewe. Zilitoka noti 6 za elfu kumi, 8 za elfu tano, 9 za elfu mbili na 14 za elfu moja, jumla 132,000. Zilitoka sarafu 11 za mia tano, 9 za mia mbili, 13 za mia na 7 za hamsini, jumla 8,950. Pamoja ni 140,950, kama daftari lilivyosoma. Kona ilikuwa noti ya nane, na mwezi mwandamo ulikuwa mia mbili.

Tulimpigia kijana. Sikumwambia amekosea kwanza. Nilimsomea mchanganuo wake, nikamsomea wa kopo, nikamwonyesha ncha mbili za buluu, karatasi ya njano na ukuta wa Ngome Kongwe. Alinyamaza, kisha akasema, "Mama, nisamehe. Nilikupa jumla, sikukupa nilichokiona." Sijapata kusikia mtu akilieleza jambo hili vizuri zaidi yake.

Kwa hiyo, ndugu waweka hazina, mkipokea picha ya kuhesabu, andikeni safu tatu: vilivyotambulika kwa aina zake, vilivyoonekana lakini havikutambulika, na vinavyodhaniwa kuwepo. Safu ya kwanza ndiyo pekee yenye haki ya kujumlishwa moja kwa moja. Mkiwa nyinyi ndio mnaopiga picha, ipigeni mchana, simu ikitazama chini wima, noti zimepangwa kwa aina na kila moja ikionyesha pembe zake zote, sarafu zimepangwa kumi kumi, na karatasi nyeupe ikiwa pembeni. Picha ya namna hiyo haina ncha zilizofichwa wala maduara.

Mama yule bado ndiye mweka hazina wa mtaa. Siku hizi, akituma picha, huandika chini yake mistari minane, mmoja kwa kila aina ya fedha, na jumla huiweka mwisho.